Maharage ya Underberg na Sehemu ya Tisa

Ninyi wawili mliobaki ofisini mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Naandika, ila msitarajie habari za vyeo. Pale Sydenham tulikuwa watu wawili tu, mimi na mzee Perumal, tuliyemwita Thatha, yaani babu kwa Kitamil, na yeye alishakuwa kwenye kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Nimestaafu mwezi uliopita, miguu imevimba, muda ninao. Chemsheni chai msome.

Niliingia mwaka 2008. Kule Bukavu nilifundisha hesabu sekondari miaka kumi na miwili, na hapa Durban nilikuwa nakunja mashuka ya watu kwenye dobi moja la South Beach. Siku moja nikaona tangazo kwenye kioo cha duka: anatafutwa mtu anayejua hesabu na asiyeogopa. Asiyeogopa nini, tangazo halikusema. Nikaingia. Nyuma ya meza alikaa mzee mwembamba, Mtamil mzaliwa wa hapa hapa, amevaa sweta la sufu mwezi wa pili, wakati sisi wengine tunayeyuka. Hakuniuliza cheti wala kibali; nilipotaja Bukavu akaniita Madame, na jina likabaki.

"Gawanya digrii thelathini kwa tisa," alisema.

"Digrii tatu na dakika ishirini."

"Masalio?"

"Hakuna."

"Keti hapo," akasema, na huo ndio uliokuwa usaili wangu. Mzee huyu alizungumza nami Kiingereza maisha yake yote; hapa namwandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndimo ninamomsikia vizuri zaidi.

Kanisani nikasema nimepata kazi kwenye ofisi ya hesabu. Haukuwa uongo. Kufikia Juni mashemasi watatu walishaniletea fomu zao za kodi, na mimi nikazijaza, nikaziweka kwenye droo moja na chati za nyota za mapacha fulani wa Overport. Mchungaji alikuwa akihubiri dhidi ya watazama nyota Jumapili, na mkewe alikuwa akija kwetu Jumanne, amejifunga kitambaa kichwani na miwani myeusi, akiamini hatambuliki. Kila mara nilimwita "Mama Mchungaji" na kila mara alishtuka.

Wiki ya kwanza nilijifunza lagna. Nawaeleza kama nilivyoelezwa, maana nimesikia mnavyowaeleza wateja na mnawachanganya. Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, kuna nyota, moja kati ya zile kumi na mbili, inayochomoza upande wa mashariki. Kama ni Kondoo, basi lagna yake ni Kondoo, na hapo ndipo nyumba ya kwanza: mwili wake, yeye mwenyewe. Ukihesabu kutoka hapo ukafika ya saba, umefika kwa mwenzi wake wa ndoa. Nyota moja huchukua kama saa mbili kumaliza kuchomoza. Kwa hiyo mtu akikosea saa yake ya kuzaliwa kwa dakika kumi, kwenye chati kuu mara nyingi hakuna kinachoharibika. Thatha aliichora chati hiyo kwa namna ya Kusini mwa India, mraba wenye vyumba kumi na viwili pembeni, na katikati pakiwa patupu. Pale katikati alizoea kuweka kikombe.

Jedwali letu la lagna lilikuwa la watu wa kaskazini ya dunia. Sisi wa kusini inabidi tuongeze saa kumi na mbili kwenye saa ya nyota, kisha tuchukue nyota iliyo mkabala na ile inayotolewa na jedwali. Mwezi wa kwanza nilisahau kugeuza, nikamwambia mwalimu mmoja wa Berea kwamba mkewe ndiye yeye na yeye ndiye mkewe. Akasema hilo linaeleza mengi. Thatha alinilazimisha nimpigie simu kumwomba radhi, na yule bwana akakataa kusahihishwa.

Navamsa ilikuja baadaye. Unachukua kila nyota yenye digrii thelathini, unaikata vipande tisa vya digrii tatu na dakika ishirini, na kila kipande unakikabidhi kwa nyota nyingine. Nyota za moto huanza kuhesabu kwa Kondoo, za udongo kwa Mbuzi, za hewa kwa Mizani, za maji kwa Kaa. Ukimaliza unapata chati ya pili iliyofichwa ndani ya ya kwanza. Thatha alisema ya kwanza inaonyesha harusi, ya pili inaonyesha ndoa. Watu huja kutuuliza habari za harusi, alisema, lakini watalala, watakula na watanuniana ndani ya ndoa.

Mfano alionifundishia ulikuwa daktari wa meno aliyekuja kuulizia mke wa nne. Zuhura, sayari ya mapenzi na ndoa, alikuwa kwake kwenye Samaki, na hapo ndipo anapotukuka kuliko pengine popote. Chati ya kwanza iling'aa. Nikamwambia Thatha huyu bwana ana bahati. "Digrii ngapi?" akauliza. Nane. "Samaki ni maji, basi anzia kwa Kaa. Digrii nane ni kipande cha tatu." Nikahesabu kwa vidole: Kaa, Simba, Mashuke. Na Mashuke ndipo Zuhura anapoanguka. Harusi tatu za kupendeza sana, kila moja na tembo wa kukodi, na ndani yake hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake amelalaje. Daktari alitusikiliza, akatushukuru, akamwoa wa nne. Alitualika. Tembo alikuwepo.

Sasa nifike kwenye kesi ya Furaha, maana najua ndiyo mnayoitaka, na pia ni kosa langu.

Furaha alikuwa msusi kwenye saluni moja kule Point, mtoto wa Bukavu kama mimi, yatima, mwenye sauti ndogo na mikono isiyochoka. Mwaka 2010, vuvuzela za Kombe la Dunia zilipokuwa hazijatoka masikioni, alichumbiwa na Dhevan, fundi umeme wa Sydenham. Mama yake Dhevan tulimwita Aunty Saras. Alikuwa mjane, mpishi wa hekalu, mwanamke ambaye maharage yake yaliwatoa watu Pietermaritzburg. Hakuwa na neno na rangi ya Furaha wala kanisa lake. Neno lake lilikuwa moja: dada yake aliolewa bila chati na ndoa ikamla mzimamzima. Kwa hiyo bila chati inayosimama, na hasa bila nyumba ya saba inayosimama kwenye navamsa, yeye hatawasha taa ya kufungulia harusi. Na Dhevan alimwahidi baba yake akiwa mahututi kitandani kwamba taa yake itawashwa na mama.

Furaha akaja ofisini na kibali chake cha ukimbizi. Nikachukua tarehe iliyoandikwa pale, tarehe mosi Januari 1985. Saa hakuijua, mpango wa kompyuta ukaweka wenyewe saa sita kamili ya usiku, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka ya kwenda kwaya, nikauacha.

Ninyi mmekulia hapa, huenda hamjui. Nusu ya Wakongo wa Durban wamezaliwa tarehe mosi Januari. Ukifika dirishani pa ofisi ya wakimbizi ukiwa huna karatasi, afisa anakuuliza mwaka, na mengine anayajaza mwenyewe. Mimi binafsi ni wa tarehe mosi Januari. Thatha alikuwa ameshaona chati zetu kumi na saba, na alikuwa na nadharia, iliyomfurahisha sana, kwamba mwanamke wa Kongo hubana mimba hadi mwaka mpya. Nilikuwa nikikusudia kumweleza. Kila nilipotaka, mteja aliingia.

Chati ikatoka nzuri mno. Lagna Mashuke, nyumba ya saba Samaki, na bwana wa Samaki, yaani sayari ya Mshtarii, amekaa kwenye Mshale, nyumbani kwake mwenyewe. Kwenye navamsa Mshtarii yuleyule akarudi tena kwenye Mshale, hakutikisika. Thatha alisimama, kitu alichokuwa hakifanyi kwa sababu ya magoti. Aunty Saras alilia. Akaipeleka chati dukani ikawekwe fremu, akaitundika sebuleni kati ya marehemu mumewe na kalenda ya bucha. Kila asubuhi aliichomea ubani. Yaani msichana wa karatasi, ambaye hakuwahi kuzaliwa na mtu yeyote, alipendwa kuliko mkwe yeyote Sydenham nzima.

Wiki tano kabla ya harusi akatua Mama Mukubwa Chantal, dada mkubwa wa marehemu mama yake Furaha. Alitoka Bukavu kwa meli na mabasi, siku tisa, na kilo sita za maharage kwa sababu hakuwa na imani na ya huku. Aunty Saras akamkaribisha sebuleni, mimi nikawa mkalimani, maana Mama Mukubwa hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Akaonyeshwa fremu. Akaomba nimsomee.

"Januari?" akasema. "Januari ya nani? Uyu mutoto alizaliwaka mwezi ya kumi! Mi nilikuwaka pale!"

Akatoa kwenye sidiria kadi ya ubatizo imekunjwa mara nane. Katikati ya Oktoba, 1985, Alhamisi. Nikatafsiri. Sikuwa na la kufanya, walikuwa wote wananitazama.

Aunty Saras aliinuka, akaishusha fremu ukutani, akaigeuza uso chini mezani kama picha inavyofanyiwa nyumba ikiwa na msiba. "Mimi nilimpenda yule wa Januari," alisema. "Huyu simjui." Furaha alikuwa kwenye kochi mita mbili kutoka pale, na trei ya chai magotini. Nimefanya makosa mengi ya hesabu, lakini hilo ndilo pekee lililonitazama usoni.

Nikarudi ofisini nikamwambia Thatha yote, pamoja na habari ya dirisha na tarehe mosi Januari, nikaweka ufunguo mezani. Akausukuma kurudi kwangu. Alichokasirikia ni nadharia yake. "Kumi na saba!" alirudia siku nzima. Jioni akafungua kitabu cha mienendo ya sayari, akasema tumtafute msichana mwenyewe.

Oktoba ile mbingu zilikuwa za kutia huruma. Jua kwenye Mizani, limeanguka. Mwezi kwenye Nge, umeanguka. Mshtarii kwenye Mbuzi, ameanguka. Na Zuhura, kwenye Mashuke, ameanguka. Sayari nne kati ya saba ziko chini, kama watu waliotegwa na kamba moja. Mama Mukubwa alishasema mtoto alizaliwa usiku, saa tatu na kitu, na saa hiyo kule Bukavu lagna ni Ng'ombe. Nyumba ya saba ikawa Nge, na humo ndani amekaa Zohali mkavu, mcheleweshaji, pamoja na Mwezi ulioanguka. Na bwana wa lagna ya Ng'ombe ni nani? Ni Zuhura huyohuyo aliyeanguka. Nilitaka kufunga kitabu.

"Zuhura digrii ngapi?" Thatha akauliza.

"Nane."

Nikahesabu. Mashuke ni udongo, anzia kwa Mbuzi. Kipande cha tatu: Mbuzi, Ndoo, Samaki. Nikahesabu tena kwa mkono mwingine. Kwenye navamsa Zuhura wa Furaha alikuwa Samaki, ametukuka, kinyume kabisa na yule wa daktari wa meno. Nje hohehahe, ndani malkia. Niliona aibu kwa kuwa machozi yalinitoka mbele ya mzee.

Lakini Zuhura kutukuka hakutoshi. Ni lazima ujue amekaa nyumba ya ngapi, na hilo linategemea lagna ya navamsa, ambayo haisubiri saa mbili. Inabadilika kila baada ya dakika kumi na nne hivi. Nikapiga hesabu za Bukavu, nikikumbuka kwamba mashariki ya Kongo saa zake ni sawa na za Durban, si za Kinshasa. Msije mkaiamini ile kompyuta. Jibu likawa hivi. Kama alizaliwa kabla ya saa tatu na dakika arobaini na mbili usiku, lagna ya navamsa ni Simba, na kutoka Simba hadi Samaki ni nyumba ya nane: shimo, siri, mashaka. Kama ni baada ya hapo, hadi saa tatu na dakika hamsini na sita, lagna ya navamsa ni Mashuke. Hapo Samaki inakuwa ya saba kamili, na Zuhura aliyetukuka anakaa katikati ya nyumba ya ndoa. Mshtarii, bwana wa nyumba hiyo, anakuwa kwenye Ng'ombe, nyumba ya tisa, ya baraka. Hata Zohali anahama anakwenda ya kumi na moja, nyumba ya faida. Kizingiti kilikuwa dakika ya arobaini na mbili. Thatha akamwambia Aunty Saras, bila kumficha kitu, naye akakubali: baada ya dakika hiyo anawasha taa, kabla yake hawashi.

Tukamwita Mama Mukubwa. Sisi wawili hatukumtajia kizingiti.

"Saa sikuangaliaka," alisema, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho ndiyo ni njo. "Saa ya nini? Nilitia maharage ku moto ile dakika king'ora ya kiwanda ya bia ililia. Saa moja ya mangaribi kamili. Dada yangu njo akaanza kusukuma. Maharage yakaiva, mutoto akatoka. Nilimupokea na mwiko mu mukono."

"Maharage yalichukua muda gani?"

"Ile muda ya maharage."

Nilimtafsiria Thatha. Mmeshamjua Thatha. Mtu mwingine angecheka; yeye akachukua kalamu, akaandika "king'ora 19:00 + maharage = kuzaliwa", akapiga mstari chini. Maharage yakichukua chini ya saa mbili na dakika arobaini na mbili, ni Simba. Yakizidi, ni Mashuke. Ilibaki kupika.

Hapo mwalimu wa zamani ndani yangu akafanya kosa la kufungua mdomo. Nikawaambia kwamba Bukavu iko juu, mita elfu moja na mia tano na zaidi, na huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko hapa pwani. Aunty Saras, ambaye hajawahi kukubali neno la mtu kuhusu maharage, alitikisa kichwa. Hilo alilijua: mara moja alipikia harusi ya Underberg, chini ya milima ya Drakensberg, na maharage yalimtia aibu. Thatha akatafuta ramani. Underberg iko juu sawa na Bukavu.

Basi Jumamosi iliyofuata tukaondoka Durban kwa bakkie, ile pikapu ya Dhevan: Thatha mbele na vitabu vyake, Aunty Saras katikati amevaa sari ya zambarau, na nyuma, chini ya turubai, mimi, Furaha, Mama Mukubwa, jiko la makaa, sufuria na kilo moja ya maharage ya Bukavu. Kila robot ya barabarani ilipowaka nyekundu, Mama Mukubwa aliwapungia mkono watu waliokuwa wakivuka.

Tulipofika Underberg tukasimama kando ya barabara, karibu na uzio wa ng'ombe. Sheria ziliandikwa na Thatha. Maji baridi, maharage yasiyolowekwa, kama siku ile. Nilishika saa mimi, na Mama Mukubwa aliketi akiipa mgongo. Waamuzi wawili: Mama Mukubwa kwa sababu alikuwepo, Aunty Saras kwa sababu ya ujuzi. Mpaka wote wawili waseme yameiva, hayajaiva. Dhevan aliliza king'ora kwa mdomo, vibaya sana, na tukaanza.

Upepo wa kule hauna adabu. Dakika ya kumi ulishazima nusu ya makaa. Furaha akapiga magoti upande unaotoka upepo, akatandaza kanga yake kama ukuta, na hapo akakaa. Tulimwambia tubadilishane, akakataa. Ng'ombe walikuja uzioni kututazama. Saa ya kwanza ikapita. Akasimama askari wa barabarani, kijana wa Kizulu, akashuka na kutuangalia mmoja mmoja.

"Sanibonani. Mnafanya nini hapa?"

"Tunatafuta saa ya kuzaliwa," Thatha akamjibu.

"Ya nani?"

"Ya huyu."

Askari akamtazama Furaha, miaka ishirini na mitano, moshi usoni. "Eish," akasema. Akaenda kuegesha gari lake vizuri, akarudi na kiti chake cha kukunja. Alitaka kujua kama maharage yanaweza kuonyesha pia habari za kupandishwa cheo.

Zilipotimu saa mbili na dakika ishirini tangu king'ora, Aunty Saras alisogea karibu na jiko kuongeza makaa, na Furaha, bado amepiga magoti, akamwambia jambo kwa Kiingereza cha chini. Nilikuwa karibu, nililisikia.

"Aunty, Dhevan anasema maharage yakikataa atahama kwako, tuoane hivyohivyo. Nimemkataza. Yakikataa, anayeondoka ni mimi. Yeye abaki na mama yake. Mimi najua kukaa bila mama, yeye hajui."

Aunty Saras aliweka makaa moja moja kwa vidole, kama anapanga mayai. Kisha akashika ncha ya pili ya kanga, akaketi chini kwenye nyasi na sari yake ya zambarau, na wakawa ukuta wa watu wawili.

Saa mbili na dakika thelathini na nane, Mama Mukubwa akateka, akapuliza, akabana harage kwa vidole viwili, akatafuna.

"Yameiva," akasema. "Njo hii. Njo ile ya ile siku."

Dakika nne. Dakika nne tu zilikuwa zimebaki kufika Mashuke, na tulikuwa bado ndani ya Simba. Nikampa Aunty Saras kijiko. Akachukua harage moja, akaliweka mdomoni, akalitafuna polepole mno akiitazama saa mkononi mwangu. Akalimeza.

"Bichi," akasema.

"Anasema nini?" Mama Mukubwa akauliza.

"Anasema bado."

"Bado? Uyu mama iko na meno kweli?"

Nami nikaonja, kwa kuwa kazi yangu ni kuhakiki. Lilikuwa laini. Halikuhitaji hata meno. Askari naye alijichotea bila kualikwa. "Lakini Aunty, haya ni sharp kabisa," alisema.

"Wewe polisi, unajua nini kuhusu maharage?" Aunty Saras akamfokea. "Andika faini zako."

Dakika ya arobaini akaonja tena: bichi. Ya arobaini na mbili: bichi, ila yanakaribia. Mama Mukubwa alikuwa amesimama sasa, ameshika kiuno, akiwaeleza ng'ombe kwa Kiswahili kwamba tangu azaliwe hajaona dharau kama hii. Dakika ya arobaini na tano Aunty Saras akaweka kijiko chini.

"Sasa," alisema. "Sasa yameiva."

Thatha akanigeukia. "Madame, umeandika?"

Wanafunzi niliowahi kuwafukuza darasani kwa kughushi jibu moja walinipita wote kichwani. Nikaandika 21:45.

Thatha akaichora chati juu ya boneti la bakkie, upepo ukivuta karatasi. Lagna Ng'ombe, kipande cha tisa, cha mwisho. Navamsa, Mashuke. Zuhura Samaki, nyumba ya saba. Akamsomea Aunty Saras taratibu: kwamba kwa nje ndoa hii itaonekana ya taabu, watu watasema, mambo yatachelewa, na ndani yake mna utajiri usioonekana barabarani. Dhevan alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Aunty Saras alisikiliza kama mtu anayesomewa risiti ya alichonunua mwenyewe. Kisha akapakua. Sahani ya kwanza akampa Furaha, aliyekuwa bado chini, magoti yamekufa ganzi.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Yameiva kupita kiasi. Ukija kwangu nitakufundisha."

Njiani kurudi Aunty Saras alitaka kukaa nyuma, chini ya turubai, na Furaha na Mama Mukubwa. Mimi nikapata kiti cha mbele, katikati. Nje ya Howick nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Thatha kwa sauti ndogo kwamba nilionja saa mbili na dakika thelathini na nane, na yalikuwa yameiva. Dhevan akaongeza sauti ya redio, asisikie.

"Hata mimi nilionja," Thatha akasema. "Dakika ya thelathini na tano yalikuwa tayari."

"Sasa mbona umesoma Mashuke?"

Akafikiri hadi tukayapita malori mawili. "Miaka hamsini," alisema, "mama wakwe wananiletea maharage mabivu wakisema mabichi, ili nivunje ndoa. Leo nimemwona mmoja akifanya hivyo ili isimame. Zuhura kwenye nyumba ya saba ningemtafutia wapi tena?"

Taa iliwashwa. Nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, nikiwa na Mama Mchungaji na miwani yake myeusi, na nililia bila kujificha. Thatha alifariki miaka miwili baadaye. Kosa langu, lile la Januari, nilitaka liandikwe kwenye faili, na lipo, na jina langu chini yake, ili mjue kuuliza watu walizaliwa lini kweli na si kibali kinasema nini. Hesabu zangu nyingine zote za miaka saba zihakikini mkitaka. Nyingi zitasimama, chache hazitasimama. Chati ya Furaha iko kabati la pili, saa ya kuzaliwa 21:45. Hiyo msiisahihishe.